Tangazo la kikao cha mchezo: tarehe ipi, na asiyefika afanyweje?

Kijumbe, yaani msimamizi wa mchezo wa kuchangiana na kupokea hela kwa zamu, anapoandika tangazo la mzunguko mpya hukwama sehemu mbili. Ya kwanza ni siku ya kikao: iwe tarehe ileile kila mwezi, iwe Jumapili ya kwanza, au ifuate siku ambayo hela inaingia mifukoni mwa watu? Ya pili ni asiyefika: apigwe faini, aruhusiwe kutuma kwa simu, au kuwe na mtu wa kumzibia pengo? Wengi hulimaliza jambo lote kwa mstari mmoja: "Kikao kila tarehe 30, asiyefika faini 5,000." Februari inapofika, tarehe 30 haipo. Na mwezi wa saba unapofika, faini imeshageuka tiketi, mtu anatoa elfu tano yake kwa roho safi na kuendelea na safari.

Ili tulinganishe vizuri, tuwe na kikundi kimoja cha mfano mkononi. Kiko Uyole, Mbeya, watu 12, kila mmoja anatoa 50,000 kwa mwezi, na mpokeaji wa mwezi naye anatoa ya kwake, kwa hiyo anaondoka na 600,000. Kinaanza Januari 2026 na kumaliza Desemba. Ndani yake kuna walimu wawili, kina mama wauza mchele na ndizi sokoni, fundi cherehani, kijana wa bodaboda, wakulima wa viazi mviringo, na mama mmoja anayenunua mahindi Makambako na kuyauza mjini. Mchanganyiko huo ni wa kawaida kwetu huku nyanda za juu, na ndiyo unaoleta ugumu, maana hela ya mwalimu na hela ya mkulima wa viazi haziingii siku moja.

Jambo la kupima

Kabla ya kuchagua, kubalianeni mnapima nini. Mimi ninapima mambo manne, na ninayapanga kwa uzito.

Kubwa kuliko yote ni mpokeaji kupata kiasi kamili siku ileile. Mtu aliyeshapatana na fundi bei ya bati, au anayesubiriwa na wakala wa mbolea, hawezi kupewa 500,000 halafu akaambiwa "nyingine inakuja". Mchezo ambao hela yake hufika kwa vipande hauna tofauti na kudaiana mtaani.

La pili ni mwanya wa aliyekwisha kupokea. Huyu ana deni kwa wenzake, na kanuni lazima ilijue hilo.

La tatu, kanuni iweze kutekelezwa bila kijumbe kugeuka hakimu. Kama kila mwezi anatakiwa kuamua ugonjwa upi ni wa kweli na msiba upi ni wa karibu, baada ya miezi michache atakuwa amegombana na nusu ya kikundi.

La nne, isimwonee mwenye kipato cha msimu. Kwetu mvua huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili au Mei, na mahindi huvunwa baadaye. Mtu wa shamba ana hela Julai, na Februari anakuwa ameifukia yote ardhini.

Kwanza siku ya kikao

*Tarehe moja isiyobadilika, tuseme tarehe 28*

Faida yake ni kwamba haihitaji maelezo. Iko kwenye kichwa cha kila mtu, na haikosi mwezi hata mmoja, Februari ikiwemo. Mishahara ya serikali kwa kawaida huwa imetoka siku chache kabla, kwa hiyo walimu wanakuja na hela mkononi. Mpokeaji naye anaweza kupanga ahadi zake mapema, kwa sababu kutoka kikao hadi kikao ni siku 28 mpaka 31, basi.

Tatizo ni siku ya wiki. Mwaka 2026 tarehe 28 inaangukia Jumatano mwezi Januari, Jumamosi Februari na Machi, Jumanne Aprili, Alhamisi Mei, na Jumapili Juni. Mwalimu aliyeko darasani hadi alasiri na muuza ndizi ambaye Jumatano ndiyo anashusha mzigo hawatapatikana kwa saa moja. Kikao cha katikati ya wiki kinaishia kuwa cha watu watano na simu saba. Inafaa kikundi ambacho wengi wao wanalipwa mshahara na wanakaa karibu, au kile ambacho kimeshakubali kwamba hela itatangulia kwa simu na kikao ni cha kusomeana daftari tu.

*Siku moja ya wiki, tuseme Jumapili ya kwanza*

Hapa mahudhurio huwa bora. Watu wametoka kanisani, wamekula, saa 9 alasiri wanakutana. Kwa kikundi chenye Wasabato na wa madhehebu mengine, Jumapili mchana haimgusi Msabato, na Jumamosi mchana ingemgusa.

Lakini hela ina hesabu yake. Kutoka Jumapili ya kwanza hadi nyingine ni siku 28 au 35, hakuna katikati. Mwaka 2026 ni tarehe 4 Januari, 1 Februari, 1 Machi, kisha 5 Aprili. Mara mbili mfululizo mchango unatakiwa baada ya wiki nne, halafu unasubiriwa wiki tano. Mwenye mshahara haoni tofauti. Anayeweka elfu mbili mbili kwa siku ili zifike hamsini anaiona vizuri sana: siku 28 zinampa 56,000, na akikosa biashara siku nne tu tayari amepungukiwa.

Angalia pia hiyo tarehe 5 Aprili. Ni Pasaka. Kina mama wa Kyela na Tukuyu wanakuwa wamekwenda nyumbani, na tangazo lisilosema chochote kuhusu Pasaka linamwachia kijumbe kazi ya kupiga simu 11 wiki nzima. Ukichagua Jumapili ya kwanza, fungua kalenda ya mwaka mzima, ziandike tarehe zote 12 kwenye tangazo, na ile ya Aprili isogeze hapo hapo kwenda tarehe 12.

Inafaa vikundi vya mtaa, vya kanisa, vya soko, ambako kuonana uso kwa uso ndiko kunakowafanya watu walipe.

*Siku inayofuata hela*

Vikundi vya vijijini huchagua "kesho yake baada ya gulio". Wakulima wa chai wa Rungwe na Mufindi wanaolipwa majani yao kwa mwezi nao hupenda kikao kifuate malipo. Ni mpango wa haki kwa wote kama wote wana chanzo kimoja cha hela. Siku ya gulio watu wameuza, hela bado haijapata njia nyingine ya kutokea.

Udhaifu wake uko wazi: malipo yakichelewa, kikao kinachelewa, na mpokeaji hana tarehe ya kumwahidi mtu. Kwa hiyo weka ukomo. Andika "siku 2 baada ya malipo, lakini isipite tarehe 15". Bila ukomo huo, mwezi mmoja humezwa na mwingine na mzunguko wa miezi 12 huisha mwezi wa 14. Kwa kikundi chetu cha Uyole chenye walimu na wauza mchele njia hii haifai kabisa, kwa sababu hakuna siku moja ya hela.

Kuhusu saa na mahali sina mengi. Andikeni saa ya kuanza na saa ya kufunga daftari, mambo mawili tofauti. Na kwa kikundi cha Tukuyu au Makete, kikao cha saa 11 jioni mwezi wa Machi ni kuwatafutia watu mvua na nauli ya bodaboda iliyopanda.

Sasa asiyefika

Hapa ndipo penye kazi. Matangazo mengi huchanganya mambo mawili: mtu kutofika na hela kutofika. Mtu asiyefika huku hela yake imefika amewanyima wenzake maongezi na saini. Mtu ambaye hela yake haijafika amemnyima mpokeaji 50,000. Faini moja kwa makosa haya mawili haina hesabu.

Tuchukue Julai, mwezi wa saba wa mfano wetu. Kikao ni Jumapili tarehe 5. Mpokeaji ni fundi cherehani, na ameshaongea na muuza bati wa Mafiati kwamba Jumatatu anakuja na hela. Watu wawili hawapo. Mmoja ni muuza mchele aliyekwenda msibani Kyela, na yeye alipokea mwezi wa tatu. Mwingine ni yule mama wa mahindi, yuko Makambako kwa sababu Julai ndiyo mahindi mapya yanashuka, na zamu yake ni mwezi wa kumi.

Kabla ya kuendelea, angalia hesabu ya hawa wawili. Hadi Juni kila mmoja ametoa mara 6, yaani 300,000. Muuza mchele alishachukua 600,000, kwa hiyo anadaiwa na wenzake 300,000. Mama wa mahindi hajachukua kitu, kwa hiyo yeye ndiye anayewadai wenzake 300,000. Wote wamekosa kikao kimoja, siku moja. Wa kwanza akitoweka, kikundi kimepoteza. Wa pili akitoweka, yeye ndiye aliyeacha hela yake mezani.

*Kanuni ya kwanza: faini*

Asiyefika anatoa 5,000, na mchango wake anauleta akirudi au kikao kijacho.

Mpokeaji anapata nini siku hiyo? Fundi cherehani anapata 500,000. Laki moja iliyobaki anaifuata mwenyewe kwa simu. Ile faini, 10,000 kwa watu wawili, kwa desturi inakwenda kwenye kopo la kikundi na kuliwa Desemba kwenye sherehe. Aliyeumia hapati hata shilingi ya fidia, isipokuwa tangazo liseme kwamba faini ya kuchelewesha hela ni ya mpokeaji. Ni vikundi vichache vinavyoandika hivyo, na sioni kwa nini visiwe vingi zaidi.

Aliyekwisha kupokea ana mwanya kiasi gani? Mkubwa. Faini ya 5,000 kwa kukaa na 50,000 ya watu mwezi mzima ni bei ya mkopo wa asilimia 10, na kwa mtu aliyebanwa hiyo ni nafuu kuliko wakopeshaji wa mtaani. Ataitumia faini kama mlango wa kukopa.

Utekelezaji je? Kwenye karatasi ni rahisi, lakini msiba huvunja kila kitu. Hakuna kijumbe wa Mbeya atakayemwambia mtu aliyetoka kuzika kwamba anadaiwa elfu tano. Akimsamehe huyo, mwezi ujao yule mama wa mahindi naye anasema safari yake ilikuwa ya kutafuta hiyo hela ya mchezo, na si uongo.

Inamfaa nani? Watu wanaokaa mtaa mmoja au wanaofanya kazi ofisi moja, kiasi kidogo cha mchango, na kutofika ni uzembe tu, si safari. Kwa wauza mboga wa meza jirani wanaotoa 5,000 kwa wiki, faini ya 500 inatosha na inafanya kazi. Hakuna haja ya kuwapa kanuni ya ukurasa mzima.

*Kanuni ya pili: hela itangulie*

Mchango unatakiwa uwe umeingia kabla ya saa 12 jioni ya siku moja kabla ya kikao. Asiyefika lakini hela imetangulia, hana kosa la hela. Anaweza kutozwa kidogo, 1,000 tuseme, kwa kukosa kikao bila taarifa.

Mpokeaji anapata nini? Kama wote wawili wametuma, fundi anapata 600,000 na Jumatatu yuko Mafiati. Zaidi ya hapo, kijumbe anajua tangu Jumamosi jioni nani hajatuma, kwa hiyo ana usiku mmoja na asubuhi nzima ya kutafuta. Kwa faini, anajua hela imepungua wakati watu wameshakaa.

Lakini kutuma hela kwa simu kuna mambo yake, na tangazo lisipoyataja yanageuka ugomvi. La kwanza ni makato. Ukituma 50,000 kamili, anayepokea akienda kwa wakala anabaki na pungufu. Andikeni "50,000 pamoja na ya kutolea", basi.

La pili ni simu ya kijumbe. Kama kijumbe amekopa kwenye ile huduma ya mtandao ya kuongezewa salio la pesa, deni lake linakatwa lenyewe hela ikiingia. Mchango wa mwanachama unalipa deni la kijumbe kabla hata hajafungua meseji. Si wizi, ni mashine, lakini kikao hakitamwelewa. Dawa ni kutuma moja kwa moja kwa namba ya mpokeaji wa mwezi, kisha mtumaji anapeleka ujumbe wa muamala kwa kijumbe ili aweke alama kwenye daftari. Na jina linalojitokeza kwenye skrini kabla ya kuthibitisha lifanane na lile lililo kwenye orodha.

La tatu, meseji si hela. Ujumbe wa muamala unaweza kutungwa na mtu yeyote mwenye vidole. Mpokeaji aangalie salio, si meseji, ndipo kijumbe aandike "imefika".

Mwanya wa aliyekwisha kupokea unapungua lakini haufungiki. Muuza mchele asipotuma, hakuna kinachomlazimisha isipokuwa aibu, na aibu ya kwenye simu ni nyepesi kuliko ya uso kwa uso. Hili ndilo ninaloliogopa kwenye kanuni hii: baada ya miezi michache watu wanaacha kuja kabisa, kikao kinabaki jina, na mchezo unaendeshwa na watu ambao hawajaonana tangu Februari. Siku mmoja akizima simu, hakuna anayejua amehamia wapi.

Utekelezaji ndio nguvu yake. Saa 12 imepita au haijapita. Kijumbe hana cha kuamua, na msiba hauhitaji mjadala kwa sababu aliye msibani naye anaweza kutuma, au kumwambia mwanawe atume.

Inawafaa wenye safari: wafanyabiashara wa mahindi na mchele, madereva wa malori ya Tunduma, watumishi wanaohamishwahamishwa. Anayekaa kijiji ambacho wakala wa karibu yuko mbali, au ambaye mara nyingi hana salio la kutosha la kutolea, atapata shida, na msimwite mkaidi.

*Kanuni ya tatu: mwenza*

Mwanzoni mwa mzunguko kila mtu anachagua mwenza ndani ya kikundi. Hela ya mmoja isipofika, mwenza wake anaitoa hapo hapo, na deni linakuwa kati yao wawili.

Mpokeaji anapata 600,000 bila kusubiri. Kwa kigezo cha kwanza hakuna kanuni inayoishinda hii.

Mwanya wa aliyekwisha kupokea unabanwa pia, kwa sababu anayemdai si "kikundi" tena, ni mtu mmoja anayemjua mlango wake. Lakini kwa sharti: wawili hao wasiwe wote wa mwanzo wa zamu. Muuza mchele wa mwezi wa tatu akiwa mwenza na mtu aliyepokea mwezi wa pili, wote wamekula, na hakuna wa kumuuma mwenzake. Mpange wa mwezi wa 1 na wa 12, wa 2 na wa 11, wa 3 na wa 10, hivyo hivyo. Kwenye mfano wetu muuza mchele na mama wa mahindi wangekuwa wenza, na hapo ndipo Julai inapoonesha udhaifu: wote wawili hawapo siku moja. Kwa hiyo hata mwenza hatoshi bila akiba ndogo ya pembeni. Kila mtu akiweka 10,000 mara moja Januari, kunakuwa na 120,000, zinazoziba mapengo mawili ya Julai na kubakiza 20,000. Zikishatumika zirudishwe kabla ya kikao kinachofuata, la sivyo Agosti mko palepale.

Uzito wake uko kwa mwenza. Mwezi huo anatoa 100,000 badala ya 50,000. Mkulima wa viazi akiambiwa hivyo Februari, wakati hela yake yote iko kwenye mbolea na dawa ya ukungu, atakopa ili azibe pengo la mtu mwingine. Na wenza ambao ni ndugu, wifi na shemeji hasa, huhamishia ugomvi wa mchezo nyumbani. Nimeona watu wakiacha kusalimiana kwa sababu ya elfu thelathini.

Inafaa kikundi chenye kiasi kikubwa, kuanzia laki kwa mwezi, chenye watu waliocheza pamoja mzunguko mmoja au zaidi. Kwa watu wapya msianze nayo.

*Na kurudishwa nyuma kwenye zamu?*

Kuna vikundi vinavyosema asiyefika mara mbili anasukumwa mwisho. Inatisha, lakini kumbuka hesabu ya Julai: mama wa mahindi, anayewadai wenzake 300,000, ndiye inayemuuma. Muuza mchele aliyekwisha kupokea utamrudisha wapi? Kanuni hii humwadhibu asiye na hatia kubwa na kumruka mwenye deni. Kama mnaitaka, iwe nyongeza tu kwa ambao hawajapokea, na kwa waliopokea iandikwe adhabu nyingine, kwa mfano kupangwa mwishoni kwenye mzunguko unaofuata.

Ugonjwa uko kwenye tarehe au kwenye kanuni?

Kikundi kinachoendelea tayari hakihitaji kukisia. Fungua daftari, andika majina ya waliokosa au kuchelewa kwenye vikao vinne vya mwisho, na mbele ya kila jina weka alama: amepokea, au bado. Kama waliokosa ni mchanganyiko, waliopokea na wasiopokea kwa pamoja, tatizo ni siku. Mnakutana wakati watu hawana nafasi au hawana hela, na faini kubwa kiasi gani haitaleta kitu. Kama karibu wote wameshapokea, siku haina kosa, badilisheni kanuni. Na kama ni mtu mmoja yuleyule kila mwezi, usiandike tangazo kwa ajili yake, nenda nyumbani kwake.

Tangazo lenyewe

Kwa kikundi cha mfano, wakichagua Jumapili, hela itangulie na ile akiba ya 10,000, tangazo linaweza kukaa hivi:

"Ndugu wanamchezo. Vikao vya 2026 ni Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, isipokuwa Aprili tutakutana tarehe 12 kwa sababu ya Pasaka. Tarehe zote 12 na jina la mpokeaji wa kila mwezi ziko nyuma ya karatasi hii. Tunaanza saa 9 alasiri, daftari linafungwa saa 10. Mchango ni 50,000 pamoja na ya kutolea, utumwe kwa namba ya mpokeaji kabla ya saa 12 jioni Jumamosi, au uletwe mkononi kikaoni na wewe mwenyewe. Hela isiyofika hadi daftari kufungwa: pengo litazibwa na akiba, na mhusika atairudisha ndani ya siku 7 pamoja na 5,000 ya kuchelewesha. Hela imefika lakini mtu hajafika wala kutoa taarifa: 1,000. Hakuna atakayekosa vikao viwili mfululizo hata kama ametuma hela, isipokuwa mgonjwa na mfiwa wa mzazi, mwenzi, mtoto au ndugu wa tumbo moja. Kubadilisha lolote hapa kunahitaji watu 8 kati ya 12, na hakutabadilisha zamu ya mtu."

Ule mstari wa vikao viwili ndio unaolinda dhidi ya mchezo wa simu. Na orodha ya wafiwa imeandikwa finyu makusudi. Misiba tutakwenda yote, kama kawaida yetu, lakini wanaosamehewa na daftari ni hao.

Lisomwe kikaoni kwa sauti, kila mtu aweke saini au dole gumba, ndipo lipelekwe kwenye kundi la wasapu. Lililotumwa wasapu peke yake huwa "sikuliona". Kwa kikundi kilichosajiliwa halmashauri chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, angalieni kwanza katiba yenu inasemaje kuhusu vikao na faini, kwa sababu tangazo la kijumbe haliwezi kupinga katiba.

Mchague vipi, basi

Mkiwa wauzaji wa soko moja, Mwanjelwa au Mlandege pale Iringa, mnaoonana kila siku: siku ya wiki na faini ndogo. Msijichoshe na zaidi.

Mkiwa watumishi wengi wa mshahara: tarehe 28 na hela itangulie, kisha kikao cha ana kwa ana mara moja kila miezi mitatu, kiwe cha lazima.

Mkiwa wakulima wenye gulio au malipo ya aina moja: siku inayofuata hela, iwe na ukomo, pamoja na akiba ya pembeni iliyowekwa wakati wa mavuno, Julai au Agosti, na si Januari. Miezi ya Januari hadi Machi fikirini kutoa nusu ya mchango, mpokeaji wa miezi hiyo akubali mapema na kufidiwa baada ya mavuno.

Mkiwa mchanganyiko kama Uyole: Jumapili, hela itangulie, akiba ya 10,000. Wenza waje mzunguko wa pili, mkishajuana.

Na kama mtu mmoja tu hawezi kuingia kwenye siku mliyochagua, mfano nesi wa zamu za usiku, mpangieni wa kumpelekea hela ambaye jina lake limeandikwa kwenye daftari tangu mwanzo. Asiletewe na yeyote aliyepita njiani.